Rasimu ya Mwenzako: Kupitia Barua Pepe Kabla Haijatumwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo tutashughulika na barua pepe moja tu. Chukueni ofisi ya wakala wa forodha hapa Kampala. Kontena la vipuri limeshushwa Mombasa, mteja anasubiri, na dada wa idara ya nyaraka ameandika rasimu kwa wakala mwenzao wa bandarini. Kabla ya kuituma amemwomba mwenzake wa meza ya pili aipitie. Rasimu yenyewe inasema hivi:

“Kama nilivyokwisha kuwaandikia mara kadhaa, bado hamjatuma hati. Mteja analalamika sana na mnatuharibia jina. Pia lile kontena lingine bei mliyotoza siyo tuliyokubaliana. Tunategemea mtachukua hatua haraka iwezekanavyo. Meneja wetu amewekwa kwenye nakala.”

Huyu anayepitia asiguse neno kwanza. Aisome mara moja hadi mwisho kama wakala wa Mombasa atakavyoisoma, yaani kwenye simu, akiwa na mizigo mingine mingi mkononi. Kisha amuulize mwandishi maswali mawili: unataka msomaji afanye nini, na lini? Dada atajibu papo hapo: “Nataka ankara na paking listi za kontena la vipuri, kabla ya Alhamisi jioni, ili Ijumaa tuwasilishe tamko la forodha.” Sasa tazameni rasimu tena. Ankara haimo, paking listi haimo, Alhamisi haimo. Jambo lote alilolijibu kwa mdomo halikuingia kwenye maandishi, na hiyo ndiyo hali ya rasimu nyingi zilizoandikwa kwa hasira. Mara nyingi pendekezo bora ni kumwambia tu: “Andika hayo uliyonijibu sasa hivi, yawe sentensi ya kwanza.”

Baada ya hapo ndipo tunaingia kwenye uwazi. “Hati” ni zipi? Msomaji ana bili ya shehena, ana ankara, ana vyeti. Kontena lipi? Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ile tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki, hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Kwa hiyo namba ikiandikwa kamili, kosa la kuchapa linaweza kugundulika. Ikikatwa, msomaji anabaki kubahatisha. Iwekwe kwenye kichwa cha barua, maana siku akiitafuta ataitafuta kwa namba hiyo. Na lile kontena lingine lenye mgogoro wa bei liondolewe kabisa, liandikiwe barua yake. Wakala akikuta mambo mawili, atajibu lile jepesi au lile lililomuudhi, na hati zitasubiri.

“Haraka iwezekanavyo” haina siku, ibadilishwe iwe tarehe. Saa nayo ina mtego wake kwetu. Ukiandika “saa 10:00” kwa tarakimu, mmoja ataelewa asubuhi kwa hesabu ya Kizungu, mwingine ataelewa alasiri kwa hesabu yetu, na kati yao zimepotea saa 6. Andika “saa 10 alasiri” na ubishi umekwisha. Kampala na Mombasa saa zetu ni zilezile, kwa hiyo hakuna jingine la kueleza.

Sasa toni, na hapa nataka tukae kidogo. Tatizo la “hamjatuma” si ukali tu. Dada hajui kama hawajatuma. Huenda walituma kwa anwani ya zamani, au kiambatisho kilikuwa kikubwa kikarudi. Anachokijua kwa hakika ni kwamba hazijamfikia. “Mpaka leo asubuhi hatujazipokea” ni kweli tupu, tena inamwachia mwenzake nafasi ya kujibu bila kujitetea. “Mara kadhaa” nayo inalaumu bila ushahidi. Weka tarehe za barua zilizotangulia, zitasema zenyewe. “Mnatuharibia jina” ifutwe, mahali pake iandikwe sababu: bila hati hizo tamko halikamiliki, na kwa utaratibu wa himaya moja ya forodha mzigo unaokuja Uganda hutamkiwa na kulipiwa kodi URA ukiwa bado bandarini. Sababu ya namna hiyo humsukuma mtu kuliko lawama. Na salamu? Barua inayokwenda pwani bila salamu inaonekana imerushwa. Mstari mmoja unatosha.

Ikishapita mikono miwili, barua inasomeka hivi:

“Ndugu, habari za kazi. Tunaomba mtutumie ankara na paking listi za kontena hili kabla ya Alhamisi tarehe 12, saa 10 alasiri. Tuliwaandikia tarehe 3 na tarehe 6, na mpaka leo asubuhi hatujazipokea. Bila hati hizo hatuwezi kukamilisha tamko la forodha, na mzigo hauwezi kutoka bandarini. Kama kuna kinachowakwamisha, tufahamisheni leo ili tumweleze mteja.”

Namna ya kuyafikisha mapendekezo ina uzito sawa na mapendekezo yenyewe. Usiandike upya rasimu ya mtu mzima ukamrudishia ikiwa ya kwako. Safari nyingine hatakuletea. Kama mnatumia Google Docs, badili hali iwe “Suggesting”, ili kila badiliko lionekane na yeye ndiye alikubali au alikatae. Tenganisha yaliyo lazima, kama siku na namba, na yale ambayo ni ladha yako tu, na useme wazi lipi ni lipi. Jambo la toni lisemwe ana kwa ana, kwa sauti ya chini, si kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Mathalani: “Dada, hoja yako ni ya haki kabisa. Naona tu ‘hamjatuma’ itawafanya wabishane nasi badala ya kutafuta hati. Ungeonaje ‘hatujazipokea’?” Hapo kuna sababu na kuna maneno mbadala. Kumwambia “punguza ukali” peke yake hakumsaidii, maana hajui aguse wapi.

Naye anayepokea hana haja ya kukubali yote, wala ya kueleza kwa nini aliandika vile. Ajibu pendekezo kwa pendekezo: “Asante kaka. ‘Hatujazipokea’ nimeichukua, na bei nitaiandikia barua yake. Ila nakala kwa meneja inabaki, yeye mwenyewe aliiomba. Nimeondoa tu ile sentensi inayomtaja.” Hilo ni jibu la heshima. Aliyependekeza aishie hapo, asirudi mara ya pili na hoja ileile, kwa sababu barua inaondoka kwa jina la dada.

Kabla ya kubonyeza, mambo machache hukosewa sana. Sehemu ya “To” iachwe wazi mpaka mwisho, ili rasimu isiponyoke. Anakili toleo la mwisho kwenye barua mpya. Akilisambaza lile mlilokuwa mkirushiana, maneno yenu ya ndani yatakuwa yananing’inia chini, na Mombasa watayasoma. Kwenye Gmail, “Undo Send” inaweza kuwekwa hadi sekunde 30, na ni vizuri iwekwe hivyo.

Baada ya hapo msubiri jibu. Likija na hati mbili, kazi imekwisha. Likija likiuliza “mnataka hati zipi?”, kaeni tena wawili, mwangalie sentensi ya kwanza na kichwa cha barua.