Programu moja inapepesa, nyingine zote zimetulia: mhadhara kuhusu draiva ya picha

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja.

Nianze na kompyuta mpakato niliyoletewa na mwenzangu mmoja, mtafsiri, ambaye kazi yake yote anaifanyia ndani ya kivinjari. Aliiacha usiku ikijisasisha. Asubuhi alipofungua ukurasa na kuanza kuushusha, miraba myeusi ikajitokeza upande wa kulia, ikapotea, ikatokea tena chini yake. Alipobofya sehemu ya kuandikia, kila mara kishale cha maandishi kilipowaka na kuzima, utepe mzima wa mstari ule ulitetema pamoja nacho. Programu ya maandishi haikuwa na tatizo, mafaili yalifunguka vizuri, hata video ilicheza safi nje ya kivinjari. Alikuwa ameshaambiwa na mtu kwamba kadi ya picha imekufa na inabidi kununua kompyuta nyingine.

Ushauri ule uliniuma, kwa sababu dalili aliyokuwa nayo ilikuwa inasema kinyume chake. Kadi inayokufa haichagui programu. Huharibu picha popote inapofanya kazi nzito, na mara nyingi hata kwenye skrini ya kuwashia kompyuta, kabla Windows haijapakia draiva yoyote, yaani programu inayoiwezesha kuzungumza na kadi. Ubovu unaokaa ndani ya programu moja tu, tena tangu siku ya sasisho, unakuelekeza mahali pengine: pale programu ile inapokutana na draiva.

Tuelewane kwanza kwa nini iwe programu moja. Draiva haina mlango mmoja. Programu inayotaka kuchora inaweza kupitia Direct3D 11, nyingine Direct3D 12, nyingine OpenGL, nyingine Vulkan, na kila mlango una msimbo wake ndani ya draiva. Waliotengeneza toleo jipya wakigusa mlango mmoja vibaya, wanaopita hapo ndio wanaoumia, wengine hawajui kitu. Programu ndogo ya maandishi huiomba kadi kazi chache sana. Kivinjari huiomba ichore kila kipande cha ukurasa, ivipange vipande hivyo kimoja juu ya kingine, ifungue video na izungushe michoro, mara sitini kwa sekunde. Ndiyo maana hitilafu ya draiva huonekana huko kabla ya kwingine.

Sasa kipimo cha kwanza, nacho huchukua nusu dakika. Miraba ikiwa imetokea, piga picha ya skrini kwa `Win+Shift+S`, kisha ifungue kwenye programu nyingine uitazame. Miraba ikiwemo, basi picha yenyewe ilichorwa vibaya. Picha ikiwa safi wakati macho yako yaliona uchafu, basi ilichorwa vizuri ikaharibika baadaye, njiani kuelekea kwenye kioo. Hizo ni njia mbili tofauti za uchunguzi. Kwa mtafsiri wetu miraba ilikuwemo. Nitarudi baadaye kwa wale ambao picha yao inatoka safi.

Kipimo cha pili ni kuzima uharakishaji, yaani kukiambia kivinjari kiache kadi ya picha na kumwachia prosesa uchoraji. Kwenye vivinjari vilivyojengwa juu ya Chromium, kama Chrome, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya `System`, uzime swichi ya `Use graphics acceleration when available`. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo vipimo vingi vinapoharibikia. Swichi haifanyi kitu mpaka kivinjari kizimwe kabisa na kuwashwa upya. Kufunga dirisha hakutoshi, kwa sababu vivinjari vingi hubaki vikiendelea chinichini. Tumia kitufe cha `Relaunch` kinachojitokeza pembeni ya swichi. Kisha usiamini swichi, amini ukurasa wa hali: andika `chrome://gpu` kwenye upau wa anwani usome orodha ya `Graphics Feature Status`. Kama bado mstari wa `Compositing` unasema `Hardware accelerated`, hujapima kitu.

Na kama skrini imeharibika kiasi kwamba huwezi hata kusoma mipangilio, funga kivinjari chote kupitia Task Manager, bonyeza `Win+R`, uandike hivi:

```
chrome.exe --disable-gpu
```

Ukiandika hivyo huku kivinjari bado kinaendelea, dirisha jipya litajiunga na lile la zamani na amri yako itapuuzwa kimyakimya.

Kwa mtafsiri, uharakishaji ulipozimwa miraba ikaisha papo hapo. Wengi huishia hapa, wanamrudishia mtu kompyuta yake. Mimi naona hiyo ni nusu ya kazi. Kuzima uharakishaji ni kipimo kizuri sana na tiba mbaya. Prosesa sasa anachora kila kitu mwenyewe: feni inaunguruma, betri inaisha mapema, video inakwamakwama, na kurasa zenye ramani au michoro ya pande tatu zinazorota au hazifunguki. Aliyekuja na miraba anaondoka na kompyuta nzito, na baada ya miezi hakumbuki kwamba kuna swichi ilizimwa.

Kwa hiyo tukauwasha tena, tukaenda kwenye mpangilio mwembamba zaidi. Andika `chrome://flags`, utafute `Choose ANGLE graphics backend`. ANGLE ni tabaka linalotafsiri maombi ya kivinjari kwenda kwenye mojawapo ya ile milango ya draiva niliyoitaja, na hapa unaruhusiwa kuchagua mlango. Kwenye Windows, `Default` kwa kawaida huwa ni `D3D11`. Tukachagua `OpenGL`, tukawasha upya, tukahakikisha kwenye `chrome://gpu` kwamba mstari wa `GL_RENDERER` sasa unataja OpenGL. Tukashusha ukurasa uleule, kwa dakika kumi. Safi. Tukarudisha `D3D11`: miraba ikarudi kabla sijamaliza kushusha ukurasa mara moja. Tukaenda tena `OpenGL`: safi.

Ule mzunguko wa kwenda, kurudi na kwenda tena usiuruke. Hitilafu za picha hujificha, na mara nyingine kule kuwasha upya peke yake huziondoa kwa saa moja. Ukibadilisha kitu mara moja tatizo likapotea, bado hujui kama ni wewe uliyeliondoa. Likirudi pale unaporudisha mpangilio, hapo umelishika.

Tulikuwa tumeshajua mlango. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba draiva mpya ndiyo iliyouharibu, kwa sababu kivinjari nacho hujisasisha chenyewe na huenda kilibadilika usiku uleule. Hapo ndipo kurudisha draiva ya zamani kunapoingia.

Bofya kulia kitufe cha Start, fungua `Device Manager`, kisha `Display adapters`. Kompyuta ile ilikuwa na kadi mbili, kama zilivyo nyingi za siku hizi: ile iliyomo ndani ya prosesa na nyingine inayojitegemea. Usikisie. Kwenye `chrome://gpu` kadi inayotumiwa na kivinjari ina alama ya `*ACTIVE*` mbele yake, na kwa mtafsiri ilikuwa ile ya ndani ya prosesa. Kabla ya kugusa chochote, fungua kichupo cha `Driver` uandike kwenye karatasi `Driver Version` na `Driver Date`. Utazihitaji siku ya kujua kama toleo unalopewa ni lile lile bovu au jipya zaidi yake. Baada ya hapo bonyeza `Roll Back Driver`, jibu swali la sababu, subiri skrini izime kidogo na kurudi, kisha washa kompyuta upya.

Mara nyingine kitufe hicho kimefifia, hakibonyezeki. Maana yake Windows haina draiva ya awali ya kurudia kwa kitufe hicho. Jaribu kwanza `Update Driver`, kisha `Browse my computer for drivers`, kisha `Let me pick from a list of available drivers on my computer`. Toleo la zamani huwa limebaki kwenye orodha ile. Likikosekana, lichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yenyewe, hasa kwa kompyuta mpakato, kwa sababu watengenezaji wengine huzirekebisha draiva zao zilingane na mashine zao.

Draiva ya zamani iliporudi tukaweka ANGLE kwenye `D3D11`, yaani ule mlango mbovu. Ukurasa ukashuka safi, na kishale kikawaka na kuzima bila kutetemesha mstari. Kivinjari kilikuwa toleo lilelile. Hatukuwa na haja ya kubishana tena. Kama miraba ingebaki hata kwa draiva ya zamani, ningegeukia kivinjari chenyewe na kuiacha draiva mpya ikae.

Kuna jambo huwaudhi watu siku chache baadaye. Windows Update huweza kuiona draiva ya zamani na kuisasisha tena bila kukuuliza. Andika `sysdm.cpl` kwenye `Win+R`, ingia kichupo cha `Hardware`, kisha `Device Installation Settings`, uchague `No`. Au sitisha masasisho kwa wiki chache kwa `Pause updates`. Lakini kukaa kwenye draiva ya zamani kuna gharama yake: matoleo mapya huziba matundu ya usalama. Ndiyo maana mtafsiri nilimpa chaguo jingine, nalo ndilo alilochukua: akarudi kwenye draiva mpya, akaacha ANGLE kwenye `OpenGL`, uharakishaji ukabaki umewashwa. Hakupoteza kasi yoyote aliyoweza kuiona.

Sasa wale ambao picha ya skrini inatoka safi. Kwenu mshukiwa wangu wa kwanza ni matabaka ya skrini, yanayojulikana kama MPO. Windows huiruhusu kadi ya picha kupeleka dirisha moja, mathalani video, moja kwa moja kwenye kioo bila kulichanganya kwanza na mengine. Huokoa umeme. Lakini draiva ikikosea kupanga matabaka hayo, dirisha hupepesa kwa weusi wa sehemu ndogo ya sekunde, na unapopiga picha, Windows hulazimika kuyachanganya matabaka yote, kwa hiyo picha inatoka nzuri. Ili kupima, fungua dirisha la amri kama msimamizi:

```
reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\Dwm" /v OverlayTestMode /t REG_DWORD /d 5 /f
```

Washa kompyuta upya, tumia programu ile kama kawaida kwa siku nzima, maana upepesaji wa aina hii huja kwa vipindi. Usipoona tofauti, ondoa mpangilio huo siku hiyohiyo, kabla hujajaribu kingine:

```
reg delete "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\Dwm" /v OverlayTestMode /f
```

Upepesaji ukibaki hata hapo, angalia kama ni programu ileile moja. Ukiuona pia kwenye Task Manager, au kwenye skrini ya kuwashia kompyuta, sasa chomoa kebo, jaribu kioo kingine, na hapo ndipo tutaanza kuizungumzia kadi.