Embe lile mlitoe kwenye aljebra

Shikamooni wakubwa zangu, na vijana hamjambo. Mwenyekiti kanipa dakika 20 na wanaonifahamu wameshaanza kucheka. Ndiyo, leo tena ni habari ya embe.

Mimi mwenyewe nilifundisha embe kwa miaka mingi. Unaingia kidato cha kwanza, unaandika 2m + 3m, unawaambia, "Maembe mawili na maembe matatu, jumla?" Darasa zima linapiga kelele: matano! Unatoka kifua mbele. Wiki moja baadaye nikaandika "Ikiwa m = 4", binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, embe limekuwaje nne?" Kabla sijajibu, jirani yake naye akataka kujua embe mara embe ni nini. Nikawaambia wanyamaze. Hayo ndiyo yalikuwa majibu yangu, nisiwafiche.

Herufi ile si embe. Ni namba. Inaweza kuwa idadi ya maembe, inaweza kuwa bei ya embe moja pale Kariakoo, lakini embe lenyewe halizidishwi na chochote.

Sasa nifanyeje? Nimekuja na vizibo vya soda na vipande vya boksi. Kizibo ni ua, kipande cha boksi ni kigae. Weka ua moja, lizungushie vigae pande zote na pembeni: vinane. Weka maua mawili kwenye mstari mmoja, zungushia: kumi. Matatu: kumi na viwili. Mtoto yeyote atakwambia, "Tunaongeza mbili mbili." Ni kweli, ila hapo bado hajafika kwenye aljebra, maana macho yake yanatazama kutoka picha hadi picha. Kujua picha ya 100 lazima apitie zile 99 za kabla yake.

Kwa hiyo muulize ya 10, atahesabu, apate 26. Muulize ya 20. Wengi watasema 52, wameizidisha 26 kwa mbili. Msiweke kosa! Waambieni waunganishe picha mbili za maua kumi kumi. Katikati patatokea ukuta wa vigae sita, vitatu vya mwisho wa picha hii na vitatu vya mwanzo wa ile. Wauondoe. Vinabaki 46. Sasa mtoto ameiona ile sita kwa macho: kila picha ina vigae vitatu kichwani na vitatu mkiani, maua yawe mangapi. Na kila ua lina kigae kimoja juu na kimoja chini.

Ndipo muulize ya 100. Hapangi tena. Anasema, "Mia mara mbili, ongeza sita, 206." Ya maua yoyote? "Idadi ya maua mara mbili, ongeza sita." Acha waseme hivyo kwa Kiswahili hata vipindi viwili, wachoke na urefu wa sentensi. Wakishachoka, n inakuja kama nafuu: 2n + 6.

Mwingine ataleta 3(n + 2) − n. Msimkate. Yeye ameona mstatili mzima umejaa vigae, kisha akang'oa vilivyokalia nafasi ya maua. Wote wako sawa, na sababu iko pale juu ya dawati.

Najua mtu anataka kusema, "Mwalimu, mimi nina darasa la watoto 90." Maboksi yanatupwa kila duka. Tuendelee.

Mashine, kwa haraka, naona mwenyekiti anatazama saa. Mtoto mmoja anakaa nyuma ya boksi na kanuni ya siri. Wenzake wanaingiza namba, yeye anatoa jibu. Inaingia 3, inatoka 12. "Mara nne!" Haya, ingiza 1. Inatoka 8. Kimya. Jozi moja ya namba haitoshi, wajifunze hilo mapema. Kisha ingizeni 0: inatoka 6. Sita ile ile! Picha isiyo na ua hata moja, kichwa na mkia vimegusana. Anayeongeza sita kwanza ndipo azidishe, 3 yake itatoka 18, na hapo mtaona umuhimu wa kufuata mpangilio.

Nilitaka kusema na jedwali na grafu, basi. Niwaachie hili moja. Mpeni mtoto vigae 50, aseme vinatosha maua mangapi. Atatoa sita, agawe kwa mbili, 22. Hapo n imeacha kuwa namba yoyote, imekuwa namba moja inayotafutwa. Kisha mpeni vigae 35, na msimwambie kwamba kuna kimoja kitabaki mkononi.