Barua ya mpangaji: paa limevuja, bima ya jengo iko wapi?

Salma: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi ni Salma, na kama kawaida niko na mwenzangu Rashidi. Leo tunaizungumzia barua moja tu, ambayo mpangaji wa duka la ushonaji hapa Mombasa alimwandikia mwenye jengo baada ya paa kuvuja katika mvua za masika. Ametupa ruhusa tuisome, mradi tusiwataje kwa majina.

Rashidi: Duka lake liko ghorofa ya tatu, ambayo ndiyo ya juu kabisa, chini ya paa la mabati lenye dari ya mbao laini. Mkataba wake ni wa miaka mitano na miezi mitatu, muda ambao wapangaji wengi wa biashara nchini Kenya wanaufahamu. Wenye majengo huuchagua kwa sababu mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano, kwa kawaida, huingia chini ya Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, inayomlinda mpangaji wa duka.

Salma: Hiyo miezi mitatu ina kazi yake, Bwana Rashidi.

Rashidi: Ina kazi kubwa, lakini leo si siku yake. Kilichotuleta hapa ni kifungu kinachosema kwamba mwenye jengo atalikatia bima jengo zima, na kwamba kila mpangaji atachangia gharama hiyo kupitia ada ya huduma anayolipa kila baada ya miezi mitatu. Huyu mama amekuwa akichangia tangu siku ya kwanza, wala hajawahi kuonyeshwa karatasi yoyote.

Salma: Maji yalipoingia, alimpigia simu msimamizi wa jengo, naye akamjibu, "Usijali, jengo lina bima." Zikapita siku tisa bila fundi kupanda juu ya paa. Ndipo akaamua kuandika. Naomba nisome aya ya kwanza: "Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei, wakati wa mvua kubwa yenye upepo, maji yaliingia kupitia paa juu ya chumba cha kukatia nguo, yakabomoa kipande cha dari chenye upana wa takriban mita moja na nusu, na kulowesha majora sita ya vitambaa. Kabla ya usiku huo hapakuwa na doa lolote kwenye dari hiyo, na picha nilizopiga tarehe 2 Mei, ambazo nimeziambatanisha, zinaonyesha hivyo."

Rashidi: Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niipende barua hii. Bima ya moto na majanga, ambayo ndiyo majengo mengi ya biashara huwa nayo, hulipa uharibifu uliotokana na tukio, kama vile dhoruba iliyong'oa mabati au bomba lililopasuka. Maji yanayopenya kidogo kidogo kupitia misumari iliyolegea au kutu ya miaka mingi huhesabiwa kuwa uchakavu, na uchakavu haulipwi. Mkadiriaji wa hasara akifika, jambo la kwanza atakaloliangalia ni yale madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, kwa kuwa kila duara ni alama ya mvua iliyokuja ikakauka.

Salma: Na kama madoa ya zamani yangekuwepo?

Rashidi: Angeyaeleza yalivyo. Asingefaidika kwa kuyaficha, maana yataonekana tu, na kuipotosha kampuni ya bima kunaweza kuyaharibu madai yote. Zaidi ya hayo, madoa ya zamani yangemsaidia kwa upande wa pili, kwa sababu yangeonyesha kwamba mwenye jengo aliliacha paa bila matengenezo.

Salma: Sasa tuje kwenye ombi lenyewe. Hakuandika "naomba uthibitisho wa bima" akaishia hapo. Ameandika hivi: "Kwa mujibu wa kifungu cha bima katika mkataba wetu, naomba nipatiwe nakala ya jedwali la bima linaloonyesha jina la kampuni, anwani ya jengo, kiasi kilichokatiwa bima na tarehe za kuanza na kumalizika; stakabadhi ya malipo ya bima kwa kipindi hicho; na kurasa zinazoeleza uharibifu wa maji na dhoruba." Mimi nilidhani cheti kingetosha.

Rashidi: Cheti ni ukurasa mmoja unaosema kwamba bima ipo, na mara nyingi hakisemi inakinga nini. Stakabadhi nayo ina uzito wa pekee hapa Kenya, kwa sababu kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinaikataza kampuni kubeba hatari kabla haijapokea malipo. Mtu anaweza kuwa na hati nzuri yenye muhuri, kumbe hakulipa, na siku ya maji akajikuta hana kinga. Ndiyo maana anwani ya jengo nayo inaombwa: mwenye majengo manne anaweza kukuonyesha, kwa nia njema kabisa, hati ya jengo jingine.

Salma: Halafu anauliza kama kampuni ya bima imekwisha kuarifiwa, na kwa tarehe gani.

Rashidi: Swali hilo wengi hulisahau. Hati za bima hutaka taarifa itolewe mapema baada ya hasara, na mwenye kuitoa ni aliyekata bima, si mpangaji. Ndiyo maana amempa mwenye jengo siku saba kwa swali hili, na siku kumi na nne kwa nyaraka. Siku hizo amezipanga mwenyewe, hazikutajwa katika sheria, kwa hiyo ameandika "naomba" na si "unatakiwa kisheria". Haki yake ya kuona nyaraka inatoka katika mkataba na katika fedha anazochangia.

Salma: Aya ya mwisho ndiyo iliyonigusa: "Ombi hili halichukui nafasi ya ombi langu la kutengenezewa paa, na matengenezo hayo yasisubiri uamuzi wa kampuni ya bima."

Rashidi: Hapo aliwaziba njia. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamtaka mwenye jengo aliyepangisha sehemu tu ya jengo alitunze paa na kuta kuu. Wajibu huo upo, bima iwepo isiwepo. Lile jibu la msimamizi, "jengo lina bima", lilikuwa linaugeuza wajibu wa bosi wake kuwa jambo la kusubiri watu wengine.

Salma: Na jibu lilikuja siku ya kumi na moja, pamoja na jedwali. Kampuni imetajwa, anwani ni sahihi, lakini kipindi cha bima kilimalizika tarehe 31 Machi. Stakabadhi ya kipindi kipya haikuwepo.

Rashidi: Yaani paa lilivuja wiki sita baada ya kinga kwisha, huku ada ya huduma ya Aprili ikiwa imepokewa pamoja na fungu la bima ndani yake. Barua ya pili, ambayo tumemsaidia kuipanga, inadai fungu hilo lihesabiwe, bima ikatwe upya na stakabadhi ionyeshwe, na paa litengenezwe kwa gharama za mwenye jengo.

Salma: Na yale majora sita ya vitambaa?

Rashidi: Hata bima ya jengo ingekuwa hai, isingeyagusa, kwa sababu inakinga kuta, paa na dari tu. Mali iliyomo ni ya bima ya mpangaji mwenyewe, na yeye hakuwa nayo. Kwa hiyo vitambaa anavidai kwa mwenye jengo kwa kutotunza paa, na itambidi aonyeshe risiti za ununuzi. Nne amezipata. Mbili bado anazitafuta kwa muuzaji wa jumla.