Foleni ya Machapisho: Lini Lahajedwali Liache Kazi na Hifadhidata Ianze

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika licha ya joto hili la Mombasa. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wengi wenu mnaosimamia kurasa za hoteli, migahawa na maduka mmeniuliza kwa nyakati tofauti: lahajedwali tunalolitumia kupanga machapisho, ambalo programu hulisoma na kuyatuma, tuliache lini tuhamie kwenye hifadhidata? Mara nyingi swali huja likiwa limefungwa na idadi, kwamba tukifika mistari elfu ngapi. Jibu langu ni kwamba idadi ya mistari si kipimo. Google Sheets hubeba hadi visanduku milioni 10, na sijaona ofisi ndogo ya hapa iliyokaribia kukijaza kiwango hicho. Kinacholishinda lahajedwali ni mikono mingi kuligusa kwa wakati mmoja, na mstari mmoja kubebeshwa kazi zaidi ya moja.

Nianze na mikono. Tulipokuwa na akaunti tatu, programu yetu iliamka kila baada ya dakika 5, ikasoma mistari yote iliyoandikwa "bado" na ambayo muda wake umefika, ikatuma chapisho moja baada ya jingine, na mwisho kabisa ikarudi kuandika "imetumwa". Ilifanya kazi vizuri kwa miezi. Kisha akaunti zikafika 14, na Ijumaa moja kabla ya Idd tukawa na video nne za kupandisha kwa mkupuo. Kazi ile ikachukua dakika 7. Dakika ya 5 programu iliamka tena kama ilivyoagizwa, ikaikuta mistari ileile minne bado imeandikwa "bado", nayo ikaanza kutuma. Ofa ya biriani ya mteja wetu mmoja ikatoka mara mbili, na simu yake haikuchelewa.

Waliowahi kukata tiketi ya basi pale Mwembe Tayari watanielewa upesi. Makarani wawili wakiwa na karatasi moja ya viti, kila mmoja akaangalia kiti namba 14, akakiona kitupu, akapokea nauli kwanza na kuandika jina baadaye, kiti hicho kitauzwa mara mbili hata kama makarani wote ni waaminifu. Kosa liko katika ile nafasi kati ya kuangalia na kuandika, na kadiri kupokea nauli kunavyochukua muda, ndivyo nafasi hiyo inavyopanuka.

Wiki mbili baadaye tuliliona kosa la pili, ambalo ni la siri zaidi. Programu ilikuwa imekumbuka kwamba chapisho inalolituma liko mstari wa 37. Wakati huohuo dada anayetuandalia maneno akaona tarehe zimechanganyika, akalipanga upya lahajedwali lote kwa tarehe, jambo ambalo ni haki yake kabisa. Chapisho likahamia mstari wa 52, na mstari wa 37 ukakaliwa na tangazo la hoteli ya Diani. Programu ikaandika "imetumwa" kwenye 37. Tangazo la hoteli halikutoka kamwe, na lile la mstari wa 52 likatumwa tena. Dalili ya kosa hili ni hiyo hasa: kila kilichorudiwa huwa na mwenzake kilichopotea.

Sasa, hatukukimbilia hifadhidata siku hiyo, na ninyi msikimbilie. Kwanza tuliipa programu kufuli, yaani ikiamka ikakuta mwenzake bado yuko kazini, inarudi kulala. Pili tuliupa kila mstari namba ya kudumu katika safu ya kwanza, ili programu iutafute mstari kwa namba hiyo kabla ya kuandika, badala ya kuamini mahali ulipokuwa. Marekebisho hayo mawili yalituchukua mchana mmoja. Ikiwa kwenu mtumaji ni mmoja, na kila mstari ni chapisho moja kwenda akaunti moja, basi hayo yanawatosha, na hifadhidata itakuwa mzigo wa bure.

Kilichotuhamisha ni safu ya hali, ile inayoandikwa "bado" au "imetumwa". Mteja mwenye matawi alitaka chapisho moja litoke kwenye akaunti tano. Tukaziandika zote katika kisanduku kimoja, zikitenganishwa kwa mkato. Akaunti moja ikawa imeisha idhini, nne zikapokea, na nilipofungua lahajedwali nilikuta mtu ameandika kwenye hali: "imetumwa isipokuwa ya Nyali, nimeirudia saa tisa, angalia tena". Siku kisanduku cha hali kinapoanza kuandikwa sentensi, lahajedwali limeshaacha kuwa foleni. Programu haiwezi kusoma sentensi ile, na machapisho 20 kwa wiki katika akaunti 14 ni kazi 280, kila moja ikiwa na hatima yake.

Katika hifadhidata tuliyagawa mambo hayo majedwali matatu: machapisho, akaunti, na kazi. Mstari mmoja wa jedwali la kazi ni chapisho moja kwenda akaunti moja, basi. Tukaweka sharti la `UNIQUE (chapisho_id, akaunti_id)`, kiasi kwamba hata mtu akipanga jambo lilelile mara mbili kwa bahati mbaya, hifadhidata yenyewe inakataa. Na ile nafasi kati ya kuangalia na kuandika tuliiziba kwa amri moja:

```sql
UPDATE kazi SET hali = 'inatumwa'
WHERE id = (SELECT id FROM kazi
            WHERE hali = 'inasubiri'
              AND muda <= CURRENT_TIMESTAMP
            ORDER BY muda LIMIT 1)
RETURNING id;
```

Karani hapa anaandika jina kwanza, ndipo anapokea nauli. Kwa SQLite, ambayo ni faili moja tu na haihitaji seva, amri hii inatosha, kwa kuwa SQLite huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja. Neno `RETURNING` linahitaji toleo la 3.35 au la baadaye. Mkiwa na kompyuta kadhaa zinazotuma, tumieni PostgreSQL, hifadhidata inayokaa kwenye seva, na mwongeze `FOR UPDATE SKIP LOCKED` ndani ya mabano, ili kila mtumaji aiache kazi iliyoshikwa na mwenzake na achukue inayofuata. Jihadharini na saa: katika SQLite `CURRENT_TIMESTAMP` hutoa saa ya dunia, UTC, nasi tuko mbele kwa saa 3. Ukihifadhi saa ya Mombasa bila kuigeuza, kila chapisho litachelewa saa 3 kamili. Na hakuna hifadhidata itakayokuokoa na mteja anayeandika "saa 2:00" akikusudia asubuhi. Hilo tunamuuliza yeye.

Liko jambo jingine ambalo hifadhidata haitalitatua. Umeme ukikatika baada ya chapisho kutoka lakini kabla ya kuandikwa "imetumwa", kazi itabaki "inatumwa", na hakuna anayejua kwa hakika kama ilifika. Kwetu, kazi iliyokaa katika hali hiyo zaidi ya dakika 15 hairudiwi na programu. Mtu hufungua akaunti husika, akaangalia kwa macho, kisha akaandika hali mwenyewe.

Mwisho, lahajedwali letu halikufutwa. Dada yule bado anaandika maneno yake humo na kuyapanga apendavyo, na akimaliza hutia alama ya "tayari", ndipo mstari unanakiliwa kwenda kwenye hifadhidata. Taarifa za kutumwa anazisoma kwenye ukurasa mwingine ambao hawezi kuuhariri. Wenye maswali kuhusu kunakili huko, nitayapokea sasa, kwa sababu hapo ndipo wengi hushawishika kuruhusu njia mbili, kwenda na kurudi, na tukaishia na karatasi mbili za viti.