Mmoja wa Wateja Amelalamika, au Wamelalamika?

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za jioni. Mmeniomba nizungumze na makarani na wahariri wa hapa Tanga kuhusu upatanisho wa kisarufi. Uwanja huo ni mpana, kwa hiyo nitakaa na sentensi moja ya aina tunayoiandika kila siku katika barua za kazi:

“Mmoja wa wateja wetu waliopokea marobota ya mkonge wiki iliyopita wamelalamika kwamba mzigo umelowa.”

Aliyelalamika ni nani? Ni yule mmoja. Yeye ndiye kiima, na maneno yote yanayomfuata hadi “wiki iliyopita” yanatuambia tu anatoka katika kundi gani. Basi kitenzi kikuu kinamfuata yeye: amelalamika. Msomaji wa barua hii ilivyo sasa hajui kama alipe fidia ya mteja mmoja au ya wote.

Kosa hili halitokani na uzembe. Mwaka 1991 watafiti Kathryn Bock na Carol Miller waliwapa wasemaji wa Kiingereza mianzo ya sentensi waimalizie. Walikosea zaidi pale kiima cha umoja kilipofuatiwa na nomino ya wingi iliyokaa karibu na kitenzi. Kinyume chake, kiima cha wingi kikifuatiwa na nomino ya umoja, makosa yalikuwa machache mno. Wingi una mvuto, na kitenzi hunaswa na jirani yake.

Katika Kiswahili mtego huu una kamba ya ziada. Sikilizeni: mmoja wa, wateja, waliopokea. Sauti “wa” inajirudia, ingawa ile ya “mmoja wa” ni ya umoja kabisa, sawa na ya “mtoto wa jirani”. Mwandishi akifika kwenye kitenzi, “wa” imeshamjaa mdomoni. Ukitaka kuhakikisha, hamisha sentensi kwenye ngeli nyingine: “Kimoja cha vyombo vilivyotia nanga jana kimeharibika.” Hapo ki, cha na ki vinashikana, na ukiandika “vimeharibika” sikio linakataa upesi. Ndiyo sababu napendelea “kimoja cha vyombo” kuliko “moja ya vyombo” ninayoisikia sana. Ukishaandika “moja ya”, umeutupa uzi wa ngeli, na kitenzi hakijui kimfuate nani.

Sasa angalieni sana “waliopokea”. Mhariri mwenye bidii hurekebisha kitenzi kikuu, kisha akapitiliza na kuandika “mmoja wa wateja wetu aliyepokea”. Hapo amebadili habari. Waliopokea ni wateja wengi, na kirejeshi kinawafuata hao. Aliyelalamika ni mmoja. Katika sentensi moja wa- na a- vinakaa salama, kila kimoja na bwana wake. Linganisheni: “Mmoja wa wateja waliolalamika amerudi” maana yake malalamiko yalikuwa ya watu kadhaa. “Mmoja wa wateja, aliyelalamika juzi, amerudi” maana yake mlalamikaji tunayemtaja ni yeye peke yake.

Nakuja kwenye “pamoja na”, na hapa natofautiana na wakubwa wengi wa ofisi. Wamefundishwa Kiingereza, ambako kanuni ya maandishi rasmi inasema maneno ya maana hiyo hayaongezi idadi ya kiima: akitajwa meneja pamoja na wasaidizi wake, kitenzi hubaki cha umoja. Kanuni hiyo ni sahihi huko. Wakiileta kwetu, wanafuta “Meneja pamoja na wasaidizi wake wamefika bandarini” na kuandika “amefika”. Mimi ningeiacha “wamefika”. Katika Kiswahili, majina mawili yakiunganishwa na “pamoja na” kabla ya kitenzi, tunayahesabu yote kuwa watendaji, kama tunavyofanya kwa “na” peke yake.

Ukitaka meneja ndiye abebe sentensi, Kiswahili kinakupa njia yake: msogeze mwenzake nyuma ya kitenzi. “Meneja amefika bandarini pamoja na wasaidizi wake.” Umoja umepatikana bila kulazimisha.

Njia hiyohiyo inatuokoa ngeli zinapogongana. “Barua pamoja na kifurushi” ichukue i- au ki-? Kwa vitu visivyo na uhai vya ngeli tofauti, kimbilio la kawaida ni vi-: “Barua pamoja na kifurushi vimefika.” Ni sahihi, ila baadhi yenu naona mmekunja uso. Basi andikeni “Barua imefika pamoja na kifurushi”, na karani wa upande wa pili hatakwama.

Na barua yetu ya mkonge itoke hivi: “Mmoja wa wateja wetu waliopokea marobota ya mkonge wiki iliyopita amelalamika kwamba mzigo umelowa.” Kama walikuwa watatu, andika “wateja wetu watatu wamelalamika”, ili anayelipa fidia ajue ni ya wangapi.