Pakeji Zako za Harusi, Mteja Anaziona Tofauti?

Haya jamani, mliokaa nyuma sogeeni kidogo maandishi ya hapa ukutani ni madogo. Hii ni pakeji ya mwenzetu mmoja wa hapahapa Dar, kanipa ruhusa niitumie, jina lake nimelitoa na bei nimezibadilisha kidogo. Someni kwanza:

SILVA 800,000: Fulu dei kaveji, picha zote softi kopi, albamu, fremu.
GOLDI 1,500,000: Vyote vya Silva plas video ya HD, albamu kubwa, fremu kubwa.
PLATINAMU 2,800,000: Vyote vya Goldi na zaidi, droni, sinematiki, timu kamili.

Najua wengi mnaona iko poa tu, na wengine zenu zinafanana na hii hii. Sasa niambieni, ukichukua Goldi unapewa albamu ngapi? Eeh, huyu anasema moja, yule mbili. Mnaona, na nyie ni wapiga picha, je mama mdogo wa bibi harusi? Maandishi yanasema vyote vya Silva, na Silva ina albamu, halafu plas albamu kubwa, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida ni mbili. Mwenye pakeji yeye alimaanisha ile ndogo inaondoka inakuja kubwa. Siku ya kukabidhi anapeleka moja, wateja wanasubiri mbili, na kila mmoja ana haki kabisa maana maandishi yanakubali maana zote mbili.

Kwa hiyo kitu cha kwanza mimi nilichofuta ni hayo maneno "vyote vya Silva plas". Sababu ya pili ya kuyafuta ni jinsi harusi zetu zinavyolipiwa. Anayeongea na wewe ni bibi harusi, lakini anayelipa ni kamati, na kamati iko kwenye grupu la wasapu. Bibi harusi anapiga skrinshoti ya Goldi peke yake anairusha kule, mweka hazina anasoma "vyote vya Silva", Silva ni nini hajui, hajawahi kuiona, anaona milioni na nusu tu na video. Kila pakeji lazima isimame yenyewe, iandikwe yote mwanzo mpaka mwisho hata kama mistari inajirudia, acha ijirudie.

Sasa tuje kwenye fulu dei, hapa ndo penyewe. Nilimuuliza jamaa, kwenye Silva unafika saa ngapi? Akasema kanisani, saa 8 mchana, naondoka saa 4 usiku. Nikamuuliza saluni je? Akasema aah, saluni kwa Silva siendi, saluni ni kuanzia Goldi, maana Goldi tunakuwa wapiga picha wawili, mmoja yuko na bibi harusi saluni Sinza mwingine yuko kwa bwana harusi Tabata anavyofungwa tai. Nikamwambia kaka, hiyo ndio pakeji yako yenyewe na hujaiandika popote! Yaani tofauti halisi ya Silva na Goldi, kitu kinachofanya laki saba ziwe na maana, kiko kichwani kwake, kwenye maandishi kaweka fremu kubwa. Mtu akisoma anaona analipa laki saba zaidi kwa ajili ya fremu na video, lazima aombe apunguziwe.

Ndio maana mimi nasema kabla hujagusa neno lolote kaa chini uandike kwa sentensi moja, kila pakeji inazidi ya chini yake kwa nini. Silva ni kamera moja, kanisani mpaka ukumbini. Goldi ni kamera mbili, zinaanzia maandalizi ya pande zote mbili, na kuna video. Platinamu nayo ikawa na siku mbili, sendofu na harusi. Hilo nalo jamaa alikuwa analifanya kila siku, kaliita "na zaidi". Kama sentensi haiji basi tatizo halipo kwenye lugha, pakeji zenyewe hazijatofautiana na hakuna editi itakayokuokoa.

Ukishapata hiyo, chagua mistari, na iwe ileile kwa mpangilio uleule kwenye zote. Hivi ndivyo Goldi ilivyotoka:

*GOLDI 1,500,000*
Kamera mbili, maandalizi mpaka ukumbini
*Siku:* 1, ya harusi
*Muda:* saa 3 asubuhi mpaka saa 5 usiku
*Watu:* wapiga picha 2, wa video 1
*Picha:* zisizopungua 400, zimechaguliwa na kueditiwa, kwenye flashi
*Video:* ndefu ya kama saa 1 na nusu, na fupi ya dakika 4 hadi 5
*Albamu:* 1, inchi 12 kwa 12, kurasa 40
*Fremu:* 1, saizi A2
*Unapata lini:* picha wiki 3, video na albamu wiki 8
*Haimo:* droni, sendofu, usafiri nje ya Dar. Saa ya ziada 80,000

Hizo nyota ni za wasapu, zinafanya neno linene. Msiweke jedwali, kwenye simu safu zinavurugika zote.

Angalieni mstari wa picha. "Picha zote" imeondoka. Jamaa anapiga hata picha 2,000 kwa siku, humo kuna watu wamefumba macho, kuna flashi haijawaka, hawezi kutoa zote na hatoi, ila aliandika zote. Na kurasa 40 nimeandika kurasa makusudi, wachapaji wanahesabu karatasi, na karatasi 20 ni kurasa 40, ukiandika 20 bila kusema ni nini kuna mtu ataona umemnyima nusu. HD na sinematiki nimezitupa, mteja hawezi kuzihesabu, dakika anaweza.

Na mstari wa Haimo msiuogope. Wengi mnaona kama unafukuza wateja, lakini kitu ukikikalia kimya mteja anajaza mwenyewe, na anajaza kwa faida yake. Kwenye Silva mstari wa Video usiufute, andika "haimo". Ila mambo ya advansi na kuahirisha tarehe yaacheni kwenye mkataba, hapa yanajaza tu.

Kupima ni rahisi. Mpe mtu asiye wa kazi hii skrinshoti moja tu, muulize: saluni kuna mpiga picha? albamu ngapi? wanaondoka saa ngapi? Akisema "ngoja nikupigie nikuulize", rudi kaediti.

Nione swali... eeh, kamati ikiomba punguzo je? Hapo ndo mistari inakusaidia dada. Wakisema tuna milioni moja na laki tatu, usishushe bei pakeji ikabaki vilevile, sema sawa, tutoe fremu na saa mbili za mwisho, na uwatumie maandishi mapya yenye mistari hiyo imebadilishwa na tarehe chini, wasije wakakurushia ile ya zamani siku ya kukabidhi.