Kusoma maandishi ya cheti chenye nakshi, mhuri na madoa

Habari zenu watazamaji. Niko dukani kwangu Moshi, steshenari, na mbele yangu kuna bahasha ya vyeti vya huduma ya kwanza. Kaleta kiongozi wa wapagazi wa mlimani, anataka jina, namba, tarehe na alama za kila mtu ziingizwe kwenye jedwali. Tatizo mnaliona: nyuma ya maandishi kuna picha ya Kibo kwa kijani hafifu, mistari myembamba inayozunguka kama ususi, halafu mhuri wa bluu umekaa juu ya tarehe. Kompyuta ikisoma hivi hivi inatoa takataka.

Kwanza skana. Weka nukta 300 kwa inchi, kwa rangi. Usiseme "ni maandishi meusi, niskani nyeusi na nyeupe", maana rangi ndiyo itakayotusaidia kutenganisha. Hifadhi kama PNG. JPG hutia ukungu pembezoni mwa herufi. Kama karatasi ina alama ya maji, au maandishi ya upande wa pili yanapenya, weka karatasi nyeusi mgongoni mwa cheti kabla ya kufunga kifuniko. Kifuniko cheupe hurudisha mwanga, na ule mwanga ndio unaoyaonyesha.

Sasa tuje kwenye rangi. Kila picha ya rangi ni picha tatu zilizolaliana, zinaitwa chaneli: nyekundu, kijani na bluu. Ukiangalia ile ya kijani peke yake, kitu cha kijani hafifu kinakuwa karibu cheupe, lakini wino mweusi unabaki mweusi. Mlima unatoweka wenyewe, hukufuta kitu. Naandika hivi, mistari miwili ya ImageMagick inayotengeneza picha, na wa tatu wa Tesseract inayosoma maandishi yaliyo kwenye picha:

```
magick cheti.png -channel G -separate kijani.png
magick kijani.png -threshold 55% safi.png
tesseract safi.png matokeo -l swa+eng --psm 6
```

Mstari wa pili unasema: chochote chenye mwanga zaidi ya asilimia 55 kiwe cheupe, kinachobaki kiwe cheusi. Hapa msikimbie. Kuza picha uangalie herufi "e". Kijistari chake cha katikati kikikatika, ikaanza kufanana na "c", umekata mno, panda hadi 60. Ukiona vinukta vya nakshi vimerudi kati ya maneno, shuka kidogo. Hakuna namba moja ya vyeti vyote. Najaribu kwenye cheti kimoja, nikiridhika natumia hiyo kwa vya toleo lilelile.

Tunafungua matokeo. Jina sawa, namba sawa. Tarehe imesomeka "12 Machi 2027". Bado hatujafika huko jamani! Tazameni kwa karibu: ukingo wa mhuri umepita juu ya ile 1 ya mwisho, mashine ikaiona 7. Chaneli ya kijani haikuuondoa mhuri, kwa sababu wino wa bluu humo ni mweusi tu. Kwa eneo la tarehe narudia mistari yote mitatu, ila kwenye wa kwanza naweka `B` badala ya `G`. Kwenye bluu mhuri unafifia, unakatwa, na inabaki 2021. Mhuri ungekuwa mweusi kama maandishi, ujanja huu usingefanya kazi. Hapo unachukua cheti chenyewe na kioo cha kukuzia.

Kingine: alama. Imetoka "8.6", wakati vyeti vingine vina 74, 91, 80. Hiyo nukta ni ya nani? Geuza cheti kichwa chini, skani tena. Doa likibaki palepale kwenye picha, liko kwenye kioo cha skana. Likihama pamoja na maandishi, liko kwenye karatasi. Langu limebaki palepale, vumbi la Moshi hilo. Nafuta kioo kwa kitambaa laini kikavu, naskani upya: 86. Lingekuwa la karatasi, nisingelifuta kwenye picha kabla ya kuliangalia kwa macho, maana nukta halisi na doa la kalamu vinafanana sana kwenye skrini.

Hii `safi.png` ni ya kusomea tu. Usimchapishie mteja ukamwambia ni nakala ya cheti chake. Haina mhuri wala nakshi, ofisini wataikataa na watakuwa na haki.

Mwisho nakaa na cheti mkono wa kushoto, jedwali kulia, kidole kwenye kila namba na tarehe. Kimoja humu kimekunjwa katikati ya namba, wino umebanduka, tarakimu ya tatu haipo kwenye chaneli yoyote. Sikisii. Kwenye kisanduku chake nimeandika "haisomeki", na kiongozi akija saa kumi namuonyesha amuulize mwenyewe.